Namna ya kuandika ugomvi kwa picha ya mwanamke anayenyoosha kidole na paka aliyetulia mezani

Wengi wetu tumeshaipokea kwenye simu zaidi ya mara moja. Upande wa kushoto yupo mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu, amenyoosha kidole, mdomo wazi, uso umejaa kilio, na mwenzake amemshika ili asisonge mbele. Upande wa kulia yupo paka mweupe aliyeketi kwenye kiti kama mgeni aliyealikwa chakula cha jioni, mbele yake pana sahani ya mboga, naye anatazama kana kwamba hajui anayefokewa ni nani. Juu ya kila picha huandikwa maneno machache, na papo hapo msomaji anauona ugomvi mzima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyaandika maneno hayo ili ugomvi uonekane kweli, kwa kuwa mimu nyingi za Kiswahili, yaani picha za utani zenye maneno zinazosambazwa mtandaoni, zinazotumia jozi hii zinakosa jambo moja tu: waandishi wake wanadhani kazi ya paka ni kumshinda mwanamke. Kazi ya paka si hiyo. Picha hii inafanya kazi vizuri zaidi pale mwanamke anapokuwa na haki, na paka, kwa utulivu wake uleule, anapokiri kosa bila kujua kwamba amekiri.

Hatua ya kwanza: zitazame picha zenyewe kabla ya kuandika neno lolote

Picha hizi mbili hazikupigwa mahali pamoja wala kwa ajili ya kuwekwa pamoja. Ya mwanamke imetoka katika kipindi cha runinga cha Marekani kinachofuatilia maisha ya wanawake matajiri wa Beverly Hills, katika sehemu iliyorushwa Desemba 2011; anayenyoosha kidole ni Taylor Armstrong, na anayemshika ni Kyle Richards. Ya paka, anayeitwa Smudge na anayeishi Kanada, iliwekwa mtandaoni Juni 2018 pamoja na maelezo mafupi kwamba hapendi mboga. Tarehe 1 Mei 2019 mtumiaji mmoja wa Twitter aliziweka picha hizo pamoja, na kuanzia hapo watu wakaanza kuzitia maneno yao.

Kinachozifanya zionekane kama tukio moja ni kidole. Mwanamke anaelekeza kidole na macho upande wa kulia wa fremu, na jicho la msomaji hufuata mwelekeo huo, likavuka mstari unaozitenganisha picha na kumkuta paka. Ubongo unakamilisha ulichoanza: kama kidole kinaelekea kule na kule yuko paka, basi anayeshutumiwa ni paka. Watengenezaji filamu wanaijua nguvu hii tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwongozaji filamu wa Urusi Lev Kuleshov aliunganisha sura ileile ya mwigizaji, isiyoonyesha hisia yoyote ya wazi, na picha tofauti tofauti, ikiwemo ya sahani ya supu na ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa katika uso ule ulipofuata supu, na huzuni ulipofuata jeneza. Uso wa paka wetu uko katika hali hiyohiyo. Peke yake unasema tu kwamba mboga hazipendwi. Ukiwekwa kando ya kilio na kidole, unakuwa uso wa mtu anayeshtakiwa na asiyeona kosa lake.

Tazama pia meza. Paka angekuwa amelala juu ya zulia, tungesema ni mnyama tu, haelewi anachoambiwa. Kiti na sahani vinampa hadhi ya mtu mzima anayepaswa kujibu, kwa kuwa mezani kuna adabu zake, na anayegombezwa mezani mbele ya wenzake hutarajiwa angalau aone haya. Paka haoni. Hapo ndipo tofauti ya pande mbili inapogeuka kuwa ugomvi: hasira inadai jibu lenye uzito unaolingana nayo, na jibu hilo halipatikani. Wawili wakifoka pamoja, ugomvi una mwisho unaoweza kuuona. Mmoja akifoka na mwingine akatazama sahani, unabaki umening'inia.

Kwa sababu hiyo usizibadilishe pande. Ukimweka paka kushoto, kidole kinaelekea nje ya picha na hakimgusi mtu. Ukizipanga juu na chini ili zitoshe kwenye kioo cha simu, msomaji aliyezoea jozi hii ataelewa, ila kwa mazoea tu, na asiyeijua hataona kwamba wawili hao wanazungumza.

Hatua ya pili: chagua ugomvi unaofaa

Si kila ugomvi unaingia hapa. Unaofaa una sehemu tatu: ahadi au kanuni ambayo pande zote zinaijua, mtu aliyeivunja, na kisingizio kidogo ambacho kwa maneno yake ni kweli lakini kwa maana yake ni uongo. Mabishano ya hoja, kwa mfano nani mchezaji bora au chama gani kina sera nzuri, hayaingii vizuri, kwa sababu hakuna aliyevunja kitu. Ukilazimisha, utabaki na maoni mawili yaliyobandikwa juu ya picha mbili, na msomaji atauliza ni kwa nini mmoja wao ni paka.

Migogoro inayofaa zaidi ni ile midogo ya kila siku ambayo kila mmoja wetu amewahi kuwa upande wa kushoto na upande wa kulia: aliyesema yuko njiani, aliyekula akiba ya nyama, mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa anayejifanya hajui tarehe ya mchango, jirani aliyeazima ndoo. Hapo msomaji anajaza mwenyewe yote ambayo hukuyaandika.

Hatua ya tatu: andika upande wa mwanamke

Upande wa kushoto ni shutuma, na shutuma huandikwa kama inavyotamkwa na mtu aliyekwisha kukasirika. Iwe sentensi moja inayotoka kwa pumzi moja, katika nafsi ya pili, na isizidi maneno manane hivi. Mwenye hasira haelezi chanzo cha jambo tangu mwanzo; anashika kipande kimoja cha ushahidi na kukirudia. Ndiyo maana vianzio kama "Ulisema", "Si tulikubaliana", "Mara ngapi nimekwambia" na "Nani ame-" vinafaa kuliko "Kwa nini". Swali la "kwa nini" linampa paka nafasi ya kueleza, na paka akianza kueleza picha imekufa.

Herufi kubwa zinakubalika upande huu, na alama ya mshangao moja inatosha. Mdomo uliofunguliwa na kidole vimeshapaza sauti; ukiongeza alama tano, hasira inageuka kuwa maigizo na msomaji anaacha kuiamini. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba shutuma iwe ya haki. Msomaji akishaona kwamba mwanamke anadai kitu cha kipuuzi, utulivu wa paka unakuwa busara ya kawaida, na hakuna tena kinachogongana.

Hatua ya nne: andika upande wa paka

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Jibu la paka liwe fupi kuliko shutuma, maneno mawili hadi manne, kwa herufi ndogo, na liishe kwa nukta au, likiwa swali, kwa alama ya kuuliza. Lisikane, lisiombe radhi, lisirudishe matusi. Liwe kweli kwa namna finyu, na katika ufinyu huo limuumbue anayelisema.

Chukua ugomvi wa aliyesema yuko njiani, tuufanyie kazi mpaka mwisho. Rafiki amepigiwa simu, akajibu kwamba yuko njiani, wenzake wakaendelea kusubiri, na ukweli ni kwamba alikuwa hata hajaoga. Rasimu ya kwanza ambayo wengi wangeiandika ni hii:

Mwanamke: Kwa nini umechelewa wakati ulituambia uko njiani na sisi tumekusubiri hapa muda wote?
Paka: Samahani, kulikuwa na foleni.

Upande wa kushoto ni mrefu mno, lakini kasoro kubwa iko kulia. Foleni ni sababu inayokubalika, na "samahani" inauzima moto kabisa. Ugomvi umekwisha ndani ya picha, wala paka hana tofauti na mtu yeyote mwenye adabu. Rasimu ya pili inajaribu kuongeza ukali:

Mwanamke: ULISEMA UKO NJIANI!
Paka: Acha kunipigia kelele wewe!

Kushoto sasa kumekaa sawa: maneno matatu, na kila Mswahili anajua kinachofuata baada ya mtu kusema yuko njiani. Kulia kumeharibika kwa namna nyingine. Paka anafoka ilhali uso wake umetulia, kwa hiyo maneno yanapingana na picha yanayoisindikiza, na ile tofauti kati ya pande mbili imefutwa. Wapo wanaoishia hapa na kushangaa kwa nini hakuna aliyecheka. Rasimu ya tatu:

Mwanamke: ULISEMA UKO NJIANI!
Paka: Kuelekea bafuni.

Soma pande zote mbili kwa mfululizo utaona kwamba zinaunda sentensi moja: ulisema uko njiani kuelekea bafuni. Paka hakukana alichosema, amekikamilisha tu, tena kwa upole wa mtu anayemsaidia mwenzake aliyesahau neno. Kwa kufanya hivyo amekiri kwamba alidanganya, amekiri kwamba alikuwa nyumbani, na haonekani kutambua kwamba amekiri. Mwanamke ana haki yote, na haki hiyo haimsaidii chochote. Ugomvi wote umo ndani ya maneno mawili.

Njia ya kupata jibu la namna hii ni kulitafuta ndani ya shutuma yenyewe. Jiulize ni neno gani la mwanamke lina mwanya, kisha mpe paka mwanya huo. Katika "Tulikubaliana mchango ni tarehe tano!" mwanya uko kwenye tarehe, na jibu ni "Ya mwezi gani?" Katika "Nani amemaliza nyama yote?" mwanya uko kwenye neno "yote", na jibu ni "Mchuzi upo." Huu wa nyama una faida ya ziada, kwa kuwa picha tayari ina meza na sahani: sahani iliyo mbele ya paka inageuka kuwa ushahidi bila wewe kuiandika. Ugomvi wowote wa chakula unanufaika hivyo, mradi jibu lisiitaje sahani. Ukimwandikia paka "Mimi nakula mboga tu, tazama sahani yangu", umemnyang'anya msomaji alichokuwa anakwenda kukigundua mwenyewe.

Kiswahili kinatupa silaha nyingine hapa, nayo ni tofauti ya viwango vya lugha. Mwanamke azungumze lugha ya nyumbani au ya mtaani, iliyokatwakatwa, na paka ajibu kwa Kiswahili cha ofisini. "Pesa yangu iko wapi, we!" ikijibiwa "Suala lako linashughulikiwa." inachekesha na kuuma kwa pamoja, kwa sababu kila aliyewahi kusimama dirishani akisubiri huduma anaijua sentensi hiyo na anajua kwamba hakuna kinachoshughulikiwa. Utulivu wa paka umepata sauti yake halisi. Usiitumie mbinu hii kila mara, lakini pale mgogoro unapohusu mtu mwenye madaraka na mtu asiye nayo, sijaona njia iliyo bora zaidi.

Upande wa haki

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu linapuuzwa. Picha hii ina upendeleo wa kimaumbile: anayetulia huonekana ana akili, na anayelia huonekana amepoteza dira. Anayeiandika bila kulifikiri jambo hilo anaishia kuwasaidia wenye makosa kuwacheka waliokosewa. Na mwanamke aliye pichani hakuwa anaigiza kwa ajili yetu. Katika tukio lile alikuwa katika mzozo na marafiki zake uliogusa yaliyokuwa yakisemwa kuhusu ndoa yake, na amezungumza hadharani kuhusu kupigwa ndani ya ndoa hiyo. Sidhani kwamba jambo hilo linatuzuia kuitumia picha, lakini linapaswa kutufanya tuwe waangalifu na maneno tunayomwekea mdomoni.

Linganisha mifano miwili. Wa kwanza, mwanamke anasema "Mtoto hana ada!" na paka anajibu "Punguza hasira kwanza." Hapa utulivu unatumika kumfunga mdomo mwenye dai halali, na anayecheka anacheka pamoja na baba aliyekimbia wajibu. Wa pili, shutuma ni ileile, lakini paka anajibu "King'amuzi nimelipia." Sasa utulivu unamhukumu mwenyewe. Msomaji anamwona mtu aliyelipia mpira kabla ya ada na anayedhani ametoa utetezi mzuri. Hasira ya mwanamke haijapungua hata chembe, ila sasa msomaji yuko upande wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya paka anayekejeli na paka anayekiri, na ndiyo kipimo ninachopendekeza kitumike kwa kila jibu unaloliandika: je, baada ya kulisoma, tunamjua paka vizuri zaidi, au tumemdharau tu mwanamke?

Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi kuandika majina ya makabila, dini au jinsia juu ya pande hizi, mtindo ulioenea wa kumbandika mwanamke jina la kundi moja na paka jina la kundi jingine. Ukiacha madhara yake, mtindo huo ni dhaifu hata kwa ufundi, kwa kuwa kundi zima haliwezi kukiri kosa moja mahususi.

Hatua ya tano: weka maneno kwenye picha

Programu yoyote ya simu inayoweza kuandika juu ya picha inatosha. Acha utepe mweupe juu ya picha zote mbili na uandike hapo kwa herufi nyeusi. Njia hii ni salama kuliko kuandika juu ya picha zenyewe, kwa sababu upande wa mwanamke una giza la usiku na upande wa paka una weupe mwingi, na rangi moja ya herufi haisomeki sawasawa pande zote. Ukilazimika kuandika juu ya picha, tumia herufi nyeupe zenye ukingo mweusi, na usifunike vitu vitatu: kidole, uso wa paka na sahani. Kukata kingo za picha ili zitoshe ni jambo la kawaida, lakini aliyekata mkono wa mwanamke amekata ugomvi.

Katika picha yenye upana wa pikseli 1080, herufi zenye kimo cha pikseli 40 au zaidi zitaendelea kusomeka hata baada ya WhatsApp kuibana. Maneno ya pande zote mbili yawe ya ukubwa mmoja. Wengine humkuzia mwanamke herufi na kumpunguzia paka, lakini jibu ndilo linalobeba picha, na likisomeka kwa shida kicheko kinachelewa. Picha hizi pia zina wenyewe. Kuzitumia kati ya marafiki ni jambo moja, na kuziweka kwenye tangazo la biashara ni jambo jingine linalohitaji ruhusa.

Hatua ya sita: ijaribu kabla ya kuituma

Funika upande wa paka kwa kidole gumba na usome shutuma peke yake. Ikiwa unajua tayari ni ugomvi gani na ni nani aliyekosea, upande huo umekamilika. Ikiwa unahitaji maelezo, ugomvi uliouchagua unajulikana na wewe na wenzako wachache tu, na utafaa kwa kundi lao pekee. Kisha funika upande wa mwanamke. Jibu la paka likisomwa peke yake linapaswa kuwa sentensi isiyo na kosa lolote, ambayo ungeweza kumwambia mtu yeyote kwa sauti ya kawaida. "Kuelekea bafuni." haina ubaya. "Ya mwezi gani?" haina ubaya. Kama jibu lina ukali hata likiwa peke yake, lirudie.

Mwisho, msomee mtu kwa sauti, shutuma kwa kasi na jibu polepole. Akicheka kabla hujafika kwenye jibu, jibu linabashirika na unahitaji mwanya mwingine ndani ya shutuma. Akitulia kwa nusu sekunde kisha akacheka, itume. Akiuliza "Kwa hiyo alikuwa nyumbani?", usiongeze maelezo chini ya picha, rudi kwenye jibu la paka na utafute neno moja lililo wazi zaidi, kwa sababu katika picha hii maelezo ya tatu hayana pa kukaa.